Rimoti ya Tivi Mpya Mikononi mwa Babu: Uchambuzi Kutoka Kibokoni

Hamjambo jamaa, karibuni. Leo sichambui tivi. Tivi yenyewe ni ya Google TV, picha safi, sina neno nayo. Ninachambua hiki kijidude hapa, rimoti yake, na mwenzangu wa kuijaribu ni babu yangu, huku kwetu Kibokoni.

Iangalieni. Juu kuna duara la mishale na OK katikati. Chini yake Back, Home, kitufe cha maikrofoni, sauti, Input, na kile cha Netflix. Namba hakuna hata moja. Babu aliigeuza mgongoni, akaigeuza tena, akaniuliza, "Namba wameziweka wapi, mjukuu wangu?"

Babu anataka habari za saa moja usiku, basi. Kwa antena njia yake ni hii: bonyeza Input, shuka mpaka TV, bonyeza OK. Picha ikishatokea, bonyeza OK tena, orodha ya stesheni inafunguka pembeni, unateremka kwa mshale mpaka kwenye yako. Tivi nyingine orodha hiyo hufunguka kwa kitufe tofauti, lakini anza na OK. Hapo alielewa upesi kuliko nilivyotarajia.

Kilichotutoa jasho ni kidole. Babu amezoea rimoti ya zamani, ile ambayo mpira wake umechoka, huisikii mpaka uikandamize. Sasa hii inapima muda ulioshika kitufe. Ukigusa OK juu ya YouTube, YouTube inafunguka. Ukiishikilia, inakuja menyu ndogo yenye maneno kama Move, na mshale unaofuata unahamisha kile kialama badala ya kukifungua. Babu alihamisha YouTube mpaka mwisho wa safu, akanitazama kama mimi ndiye niliyeificha! Kitufe cha kuzimia nacho ni vivyo hivyo: ukigusa, tivi inalala, ukishikilia, inakuuliza kama unataka kuizima kabisa au kuiwasha upya. Ukiona menyu usiyoiomba, jua kidole kimekawia. Bonyeza Back, usihangaike na mengine.

Tulifanya zoezi. Nilimwambia aguse kama anavyobisha hodi: gusa, achia, tazama kioo. Akajibu, "Basi hii rimoti ina adabu kuliko nyinyi." Maikrofoni ndiyo kinyume chake, maana hapo lazima ushikilie muda wote unapozungumza, ukiachia imeacha kusikiliza. Kwa hiyo kitufe pekee kinachopenda kidole cha babu ndicho ambacho hakitumii. Ananiambia yeye haongei na makabati.

Jambo jingine, na hili litawafaa wengi. Siku ya kwanza tivi iliwaka na kuzima vizuri, lakini maikrofoni haikuitika. Babu akasema tuirudishe dukani. Ngojeni kwanza. Rimoti hii ina njia mbili za kutuma amri. Moja ni mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni, na ndio unaowasha tivi. Nyingine ni bluututhi, na sauti yako inapita huko. Bluututhi haifanyi kazi mpaka rimoti na tivi zifunganishwe. Fungua Settings, ingia Remotes & accessories, chagua Pair remote or accessory, halafu shikilia vile vitufe viwili ambavyo kioo kitakuonyesha. Yetu ilikuwa Home na Back. Yako huenda ikawa tofauti, kwa hiyo soma kioo.

Na kama tivi haiwaki kabisa, usikimbilie fundi. Washa kamera ya mbele ya simu, elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera, bonyeza kitufe cha kuwashia. Ukiona kinuru cha zambarau au cheupe kwenye simu, mwanga unatoka, basi angalia upande wa tivi. Usipokiona, badilisha betri, na uchungulie zile chemchemi zake. Huku pwani hewa ya chumvi huzitia kutu.

Ninachokilaumu ni hiki: vitufe vyote vyeusi, na Netflix wamekiweka pale kidole gumba kinapopumzika. Babu anapunguza sauti, mara habari zimepotea, Netflix inadai intaneti, na hapa tunaishi kwa bando. Tumetia tone la rangi ya kucha juu ya Home, likauka likawa kinundu anachokipapasa hata gizani. Netflix tumeifunika kwa kipande cha plasta, na nyanya hajui plasta yake imekwenda wapi.

Kwa kijana, inunueni bila wasiwasi. Kwa mzee wa antena, kabla ya kulipa muulize muuzaji kama kampuni hiyo ina rimoti ya infraredi yenye namba inayokubaliana na tivi hiyo, na aijaribu mbele yako. Babu amesikia hilo juzi, na sasa anataka zote mbili.