Kabla hujauliza TV ni inchi ngapi, uliza nyeusi yake ikoje

Nilinunua TV ya inchi 65 kwa sababu bei yake ilikuwa sawasawa na ya inchi 55 iliyokaa pembeni yake, nikaona hapo nimepata, boksi limeandikwa 4K, limeandikwa HDR, nikataka nini tena. Usiku tukazima taa tukaweka muvi, watu wanatembea msituni gizani, na tulichokiona ni ukungu wa kijivu tu, koti na nywele na miti vyote kitu kimoja, halafu kona za chini zinang'aa kama kuna mtu kashika tochi nyuma. Iliniuma sana, hela yangu ilienda kwenye ukubwa.

Nikaanza kufuatilia. TV nyingi, hata zilizoandikwa QLED, ni LCD yenye taa nyuma inayowaka muda wote, na paneli kazi yake ni kuziba huo mwanga kama pazia. Paneli ya IPS pazia lake ni jepesi, nyeupe yake ina mwanga kama mara 1000 tu ya nyeusi. VA inafika mara 3000 mpaka 5000, kwa hiyo giza linakuwa giza kweli. Ubaya wa VA ni kwamba ukikaa pembeni sana rangi zinapauka, IPS hapo inashinda, kwa hiyo kama sebule yako watu wanakaa kila upande hilo lifikirie. Ile yangu ilikuwa IPS yenye taa za pembeni. Ile ya 55 niliyoiacha ilikuwa VA, taa zimetandazwa nyuma yote. Ya 65 ina eneo kubwa zaidi kwa kama asilimia 40, na ukipewa eneo lote hilo kwa bei ileile ujue kuna kitu kimepunguzwa ndani.

Rezolusheni, yaani wingi wa pikseli, vile vinukta vinavyounda picha, nayo watu wanailipia bila kupima wanakaa wapi. Kwenye inchi 43, ukikaa zaidi ya mita 1.7 hivi, jicho zima la kawaida haliwezi tena kutenganisha pikseli za Full HD, sasa 4K yenye pikseli mara nne ya hizo ya nini? Kwenye 65 ni kama mita 2.6. Ukikaa mbali zaidi ya hapo, hela ya 4K bora uihamishie kwenye paneli.

Mimi nazipanga hivi. Ya kwanza ni Mini LED yenye paneli ya VA, na hapa sifichi, mimi ni mtu wa TCL, hao ndio walitoa TV ya kwanza ya Mini LED mwaka 2019 na wameishusha mpaka bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kujikusanya akaifikia. Taa za nyuma ni ndogondogo, zimegawanywa kwenye zoni, palipo giza zoni inafifia. Ila uliza zoni ni ngapi, maana zikiwa chache, maandishi meupe ya chini ya muvi yanazungukwa na wingu la mwanga.

Ya pili OLED. Kwa picha tupu hii ndiyo bora kuliko zote, kila pikseli inawaka na kuzimika yenyewe, nyeusi ni nyeusi kabisa na pembeni rangi hazipauki. Naiweka ya pili kwa sababu ya bei, na kwa sababu nyumba inayoacha chaneli ya habari siku nzima, ile nembo ya kwenye kona inaweza kubaki imejichora kwenye skrini.

Ya tatu VA ya kawaida yenye taa nyuma yote, hata kama haina zoni. Zile za bei ya chini kabisa za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa 768, weka chumbani basi.

Na hiyo HDR ya kwenye boksi, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, maana yake TV inaipokea tu hiyo ishara. Muvi za HDR mara nyingi zinaandaliwa kwa mwangaza wa niti 1000, TV yako ina 300, itautoa wapi? Wauzaji hili hawakwambii. Wanawasha taa kali za duka, TV zote ziko kwenye mode ya duka mwangaza mpaka mwisho, inapita video ya maua na matunda, nyeusi huioni popote. Mimi wa kwangu nilimuuliza paneli gani, akanijibu "dada, zote ni 4K".

Sasa hivi nikienda dukani nabeba flashi yenye picha nyeusi tupu na nukta moja nyeupe katikati. Naomba waweke mode ya sinema, nazungushia viganja machoni kuzuia taa za duka, naangalia kona. Halafu nasogea pembeni. Na fanya hivyo kwa saizi ileile unayoichukua, kwa sababu modeli moja yenye jina lilelile 55 inaweza kuwa VA na 65 ikawa IPS.