Kitanda cha mtoto mchanga: kipi ununue kwanza, kipi usipoteze hela (bei zote zipo)

Hapa hakuna "bei njoo inboksi". Kila kitu kina bei yake ya rejareja, ya dukani kwetu Kariakoo, na tumevipanga kuanzia tunachokishauri zaidi hadi tusichokiuza kabisa. Leo ni jambo moja tu: mahali atakapolala mwanao tangu mnatoka hospitali hadi atimize mwaka. Beseni, nguo na nepi zina zamu yake.

Kwanza ujue tumepanga kwa kuangalia nini. Mtoto wa miezi ya mwanzo uso wake ukizama kwenye kitu laini, hana nguvu ya kujigeuza atafute hewa. Kwa hiyo tunataka mahali bapa, pagumu na patupu: godoro, shuka iliyokazwa, mtoto, basi. Alale chali, usiku na mchana, na kitanda kiwe chumbani kwako kwa miezi sita ya mwanzo angalau, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unamfikia.

Hapo kwenye kulala chali ndipo mama mkwe atakapokataa, akisema mtoto atapaliwa na maziwa. Msikilize, kisha umweleze taratibu. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa inakaa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi ni lazima yapande mlima kuifikia. Akilala kifudifudi mambo yanageuka, njia ya hewa ndiyo inayokaa chini. Marekani walianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa karibu nusu.

Namba 1: Kitanda cha mbao cha sentimita 60 kwa 120. Sh 290,000 bila godoro, Sh 355,000 na godoro.

Ni ghali, lakini kinamfaa mtoto tangu siku ya kwanza hadi anapoacha kulala kwenye kitanda cha fito, kwa hiyo ukigawa hela kwa miezi, si ghali kama kinavyoonekana. Kuna vizuri vinavyotoka nje na kuna vizuri vya mafundi wa Keko. Mbao ya fundi mara nyingi ni bora. Shida huwa kwenye vipimo, kwa sababu fundi anapima kwa jicho.

Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Ikizidi, kiwiliwili cha mtoto kinaweza kupenya, miguu ikitangulia, kisha kichwa kikanasa. Njoo na rula. Kuna wanaotumia kopo la soda kama kipimo, likipita kitanda hakifai, ila liwe lile kopo nene la zamani. Haya membamba ya siku hizi yatapita hata kwenye kitanda kizuri ukaishia kukikataa bure.

Godoro likae sawasawa ndani ya fremu. Lisukume upande mmoja, kisha jaribu kuingiza vidole kwenye upenyo unaobaki upande wa pili. Vidole viwili vikiingia na bado vinacheza, godoro ni dogo. Likandamize kwa kiganja kisha achia: linatakiwa lirudi palepale. Alama ya mkono ikibaki, hilo ni laini mno kwa mtoto, hata kama wewe ungelipenda.

Kitanda chetu kina ngazi tatu za kuweka godoro. Ngazi ya juu ni ya mtoto asiyeweza kujiinua. Akianza kukaa, shusha. Akianza kushika fito na kusimama, weka chini kabisa, na pima tena: kutoka juu ya godoro hadi ukingo wa kitanda iwe sentimita 50 au zaidi. Tumeona vitanda vilivyopoteza kina hicho kwa sababu mama kaweka godoro nene la sentimita 20. La sentimita 10 linatosha kabisa.

Ukipewa kitanda kilichotumika, usione haya kukikagua mbele ya aliyekupa. Kitikise: kikilia, kaza skrubu zote. Rangi ikibanduka, mtoto ataila akianza kuota meno. Na kama upande mmoja unateremka kwenye reli, kiache. Aina hiyo ilipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwaka 2011 baada ya upande huo kuachia na watoto kubanwa hadi kufa, ila vilivyotumika bado unaweza kukutana navyo.

Namba 2: Kitanda cha kukunja chenye kuta za neti. Sh 195,000.

Hiki ni cha mwenye chumba kimoja, au anayesafiri mara kwa mara kwenda kwa wazazi mkoani. Kuta zinapitisha hewa na mtoto hawezi kuchomeka mguu. Ukikifungua, kandamiza kila ukingo wa juu mpaka usikie umejifunga, ndipo ubonyeze kitako chini. Kosa tunaloliona kila mara ni kuongeza godoro la pili kwa sababu lile lililokuja nacho ni jembamba. Jembamba ndivyo linavyotakiwa kuwa. Ukiongeza jingine, linaacha upenyo kati yake na ukuta wa neti, ukuta wenyewe unanyooka, na mtoto anaweza kuteleza akanasa hapo.

Namba 3: Kitanda kidogo cha kando. Sh 110,000.

Tunakipenda kwa mama mmoja tu: aliyejifungua kwa upasuaji, ambaye kuinama kwenye kitanda kirefu usiku kunamuuma mshono. Wengine fikirieni mara mbili, maana mtoto akianza kujiviringisha au kujiinua kwa mikono, mara nyingi kwenye mwezi wa nne au wa tano, muda wake umekwisha siku hiyohiyo hata kama bado anaenea. Kuta zake ni fupi.

Namba 4: Neti ya mwavuli yenye kigodoro. Sh 22,000.

Ndiyo tunayoiuza zaidi kuliko zote, na ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Huja na kimto: kitoe, utakipatia kazi nyingine. Weka neti chini juu ya mkeka au jamvi, mahali mbali na jiko na pasipo na nyaya, wala usiiweke juu ya kitanda chenu cha futi sita, maana mtoto akijisukuma anaondoka nayo hadi chini. Akianza kujiviringisha na uso kugusa neti, hamisha.

Halafu jambo ambalo maduka hayasemi: neti hizi kwa kawaida hazina dawa. Mbu akitua nje, mkono wa mtoto ukigusa wavu, anauma kupitia hapohapo. Chandarua ulichopewa bure kliniki ulipokuwa mjamzito kina dawa, na kwa malaria kinaishinda neti yetu ya kulipia. Kianike kivulini siku nzima, saa 24, kabla ya kukitumia, kisha kining'inize kifunike kitanda chenu pamoja na mahali pa mtoto. Kikichafuka, kifue kwa sabuni ya kawaida na kukianika kivulini, kwa sababu jua huiua dawa.

Tusivyouza, hata ukitubembeleza.

Seti ya vipande saba ambayo wengine wanaiuza Sh 65,000 ni nzuri kwa picha. Ifungue uone: zile kinga nene za kufunga pembeni mwa fito, mto, duveti, vimito vya mapambo, na shuka moja. Kinachotakiwa kitandani ni shuka peke yake, kwa hiyo umenunua shuka ya Sh 65,000. Zile kinga za pembeni zimepigwa marufuku Marekani tangu 2022, na kwa joto la Dar zinaziba hata ule upepo mdogo unaopita. Kiota, kile kigodoro chenye kingo zilizojazwa pamba, kina tatizo hilohilo la uso kuzama.

Mto wa kutengeneza kichwa nao hatuna. Tunajua bibi ameagiza. Kichwa kikianza kuwa bapa upande mmoja, badilisha upande unaomlaza, leo kichwa kuelekea dirishani, kesho kuelekea ukutani, maana mtoto hugeukia penye mwanga. Na akiwa macho, wewe ukimwangalia, mlaze kifudifudi kwa dakika chache mara kadhaa kwa siku. Mto wa aina yoyote usubiri mpaka apite mwaka.

Sasa tuone hela inavyokwenda. Mteja mmoja wa Mbagala alikuja na Sh 150,000 na wazo la kununua seti ya vipande saba na godoro. Dada yake alikuwa amempa kitanda cha mbao. Tukamwomba arudi akipime kwa ndani, na akatuma vipimo: upana sentimita 62, urefu sentimita 124, fito zimeachana sentimita 5 na nusu. Fito ziko salama. Godoro la kawaida la 60 kwa 120 lingeacha sentimita 2 kwa upana, hizo si mbaya, lakini kwa urefu lingeacha 4, na hapo vidole viwili vinacheza. Tukamkatia godoro la oda la 62 kwa 124, unene 10, kwa Sh 78,000 badala ya Sh 65,000. Akachukua shuka mbili za lastiki za kukatwa kwa kipimo hicho, Sh 12,000 kila moja, kwa sababu moja ikiloa saa nane za usiku lazima iwepo nyingine kavu. Kinga ya godoro isiyopitisha maji, inayokaza bila kukunjamana, Sh 15,000. Jumla Sh 117,000. Chandarua alikuwa nacho cha kliniki. Hela iliyobaki, Sh 33,000, alitaka kununulia blanketi nene. Tukampa mifuko miwili ya kulalia ya pamba nyepesi, ile inayovaliwa mabegani isiyoweza kupanda usoni, Sh 14,000 kila mmoja, akabaki na Sh 5,000 ya nauli.

Kuhusu joto: usipime kwa mikono na miguu ya mtoto, hiyo huwa ya baridi hata akiwa sawa. Gusa shingo kwa nyuma. Ikiwa na jasho, punguza nguo moja. Kofia ni ya kutokea nje, usimlaze nayo ndani.

Oda za godoro la kukata huchukua siku mbili. Tuandikie upana na urefu wa ndani ya kitanda kwa sentimita, umepima sehemu mbili tofauti kila upande, kwa sababu vitanda vya fundi mara nyingi havilingani kichwani na miguuni. Godoro likifika na vidole viwili bado vinacheza pembeni, lirudishe likiwa halijalaliwa, tunakata jingine bila malipo. Usafiri ndani ya Dar Sh 5,000 kwa godoro, Sh 15,000 kwa kitanda cha mbao pamoja na fundi wa kukifunga.