Saa nzuri ya mraba, muuzaji asiyetaka kupima

"Dada, saa haina tatizo, mkono wako ndio mwembamba. Ungechukua ya watoto." Hivyo ndivyo nilivyojibiwa dukani, mbele ya wateja wengine, niliporudi na saa niliyoinunua siku chache kabla. Naomba mtu aniambie ni biashara gani hiyo ya kumtukana mteja kiungo chake.

Saa yenyewe ni ya mraba, kasha la chuma cha pua lililosuguliwa mpaka likapoteza mng'ao mkali, pembe zimeviringwa kidogo. Uso ni wa kijani kizito, umepigwa vijistari laini vinavyotawanyika kutoka katikati, kiasi kwamba ukigeuza mkono mwanga unatembea kutoka kona moja hadi nyingine. Hakuna tarakimu, ni vijiti vyembamba tu na akrabu mbili nyembamba zaidi. Nilipoiona kwenye kabati la kioo nilijua ndiyo hiyo. Sikuuliza nyingine.

Nilichoomba ni kimoja: nifunge mkanda nione inavyokaa. Muuzaji akakataa. Ati ngozi mpya ikishakunjwa inabaki na alama, na mteja mwingine hataitaka. Akailaza juu ya mkono wangu ikiwa bado na karatasi yake ya plastiki, mkanda umenyooka huku na huku, akasema, "Unaona? Imekukaa." Saa iliyolazwa haijakaa! Saa inakaa pale mkanda unapofungwa na bizimu ikavuta kasha lishuke kwenye mkono.

Nilimuuliza pia kasha lina urefu gani kutoka ncha ya sikio la juu hadi ncha ya sikio la chini. Nasema masikio, yale manne yanayotoka kwenye kasha na kushika pini ya mkanda. Akanijibu, "Ni thelathini na nane." Hiyo ilikuwa milimita 38 ya upana wa kasha, ile iliyoandikwa kwenye kadi, na sikuwa nimeuliza upana. Nikamrudia swali, akanyanyua rula? Wapi! Akahamia kwa mteja mwingine.

Nyumbani nikapima mwenyewe. Ncha hadi ncha ni milimita 52. Sehemu bapa ya juu ya mkono wangu, pale kabla haujaanza kuteremka ubavuni, ni milimita 48. Maana yake masikio yananing'inia hewani milimita mbili kila upande. Kwa anayesoma inaonekana kidogo. Kwa anayevaa, ndiyo tofauti ya saa iliyo mkononi na kibao kilichowekwa juu ya gogo.

Tena masikio yenyewe yamenyooka. Kasha likiwa na masikio yaliyopinda kwenda chini, ncha zake zinafuata mteremko wa mkono, na hata likiwa refu kidogo linakumbatia. Haya yamechongwa sambamba na uso wa saa, hayashuki hata kidogo. Hili unaweza kuligundua bila kuvaa: inua saa hadi usawa wa macho, itazame kwa ubavu, linganisha ncha za masikio na mgongo wa kasha. Ncha zikifika usawa wa mgongo au chini yake, saa italala. Zikibaki juu, zitaelea.

Na mkanda ndio ulioharibu zaidi. Ni wa ngozi nene iliyojazwa katikati ili ionekane ya kifahari. Ukitoka kwenye sikio unaendelea mbele kwanza, kisha ndipo unakumbuka kushuka. Hapo kati ya mkanda na ngozi ya mkono wangu pamebaki nafasi ya kupitisha kalamu. Kwa sababu ya nafasi hiyo kasha linayumba, na kila nikishusha mkono linateleza kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Nikikaza tundu moja zaidi, bizimu inanichoma chini ya mkono, na juu bado kunaelea. Baada ya muda hata ule uso wa kijani nikaanza kuuchukia. Kadirisha ka tarehe, ambako mwanzo sikukajali, sasa nakaona kamekata kijiti cha saa tatu bila adabu.

Basi nikarudi dukani, nikampigia picha saa ikiwa mkononi, nikamwonyesha. Akasema ni simu, kamera ya karibu inakuza kitu. Hapo alisema kweli, maana lenzi ikiwa karibu na saa, kasha linavimba kuliko mkono ulio nyuma yake. Ndiyo maana nikaenda kwenye kioo chao kikubwa, nikasimama mbali, mkono chini. Masikio yalikuwa yamejitokeza vilevile, yanaonekana bila kutafuta. Ndipo akatoa hilo neno la saa za watoto.

Ninachokereka nacho ni kwamba anauza saa za mraba na hajui mraba unavyofanya kazi. Saa ya duara ya milimita 38 na ya mraba ya milimita 38 hazilingani hata kidogo. Mraba una zile kona nne ambazo duara halina, kwa hiyo uso wake unafunika eneo kubwa kuliko duara kwa zaidi ya robo. Aliyezoea duara la 38 anapaswa kushuka akichagua mraba. Na si kosa la umbo. Kampuni ya Cartier ilichora saa yake ya Tank mwaka 1917, na mbavu mbili za kasha zenyewe ndizo zilizorefushwa zikawa masikio, mkanda ukaingia katikati yake bila kuongeza kitu pembeni. Saa yenye kona inaweza kukaa vizuri sana kwenye mkono mwembamba.

Nilikuwa nimeshaamua kuandika "msinunue". Lakini nikabadilisha mkanda, nikaweka wa ngozi laini isiyojazwa, mwembamba, upana wa milimita 20 kwenye masikio ukipungua hadi 16 kwenye bizimu. Unashuka wima pale pale kwenye pini. Ile nafasi imekufa karibu yote, kasha limetulia, na saa nzima inaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Nimeivaa kwenye shughuli moja na nguo nyeusi, na watu wawili wameniuliza nimeipata wapi. Sikuwatajia duka.

Kwa hiyo saa naipa nyota nne. Hapana, tatu, kwa sababu masikio hayajafupika, nikivaa shati la mikono mirefu bado kona ya chini inakwama kwenye kishikizo. Lakini mwenye mkono mpana kuliko wangu, hata kwa milimita nne au tano tu, aichukue bila wasiwasi na atupe mkanda wa kiwandani siku hiyohiyo. Ule kijani hamtaupata kirahisi.

Duka silipi nyota yoyote. Kama unauza kitu cha kuvaliwa, fungua mkanda, mvalishe mteja, mpime kwa rula ya kawaida ya shule. Na wewe mnunuzi, muuzaji asipotaka kukuvalisha, irudishe saa kabatini mbele yake uondoke, hata kama uso wa saa unang'aa namna gani.