Kifurushi cha kupima joto la friza: grafu ilisema nyuzi -9, friza ilikuwa -18

Nimeweka nyota moja na nina hasira, kwa hiyo nisomeni mkijua hivyo.

Nilinunua hapa Mwanza kifurushi kilichofungwa tayari: kompyuta ndogo, sensa ya DS18B20 yenye waya mrefu, programu ya kuandika joto kwenye hifadhidata ya SQLite kila dakika 5, na ukurasa wa grafu wa kuangalia kwa simu. Kazi yake ni friza ya sato na sangara, Kirumba. Grafu ikaanza kuonyesha saa fulani friza inapanda hadi nyuzi -9, kisha inarudi -18. Nikamwita fundi wa friji. Akapima kwa kipimajoto chake: -18. Hakuna gesi iliyovuja, hakuna chochote, na nauli yake nimelipa. Nilipompigia muuzaji akanijibu, "Mzee, friza yako imechoka, mashine yangu haidanganyi." Kisha akakata simu.

Mashine yake ilidanganya, na nitawaonyesha. Hii ndiyo niliyoikuta nilipoisoma sensa moja kwa moja, mara kadhaa mfululizo, kwenye `/sys/bus/w1/devices/28-*/w1_slave`:

```
50 05 4b 46 7f ff 0c 10 1c : crc=1c YES
50 05 4b 46 7f ff 0c 10 1c t=85000
```

Hizo ni nyuzi 85, ndani ya friza! Namba hiyo si joto. Ndiyo namba inayokaa kwenye kumbukumbu ya sensa inapowashwa, kabla haijamaliza kupima. Angalieni pia neno YES: ukaguzi umepita, kwa sababu sensa imetuma kwa usahihi kabisa kitu ambacho hakijapimwa. Programu inayotegemea YES peke yake itakipokea.

Sasa hesabu. Kwa saa moja kuna vipimo 12. Vipimo 11 vya -18 vinafanya -198. Ongeza 85 unapata -113, gawa kwa 12: -9.4. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Kama grafu ingechora 85 ningecheka na kujua ni kosa. Lakini programu ilichora wastani wa saa tu, na wastani ukaigeuza takataka kuwa namba inayoaminika.

Chanzo kilikuwa kwenye waya. Waya mwekundu, wa umeme, ulikuwa umesokotwa pamoja na mweusi kwenye ardhi, ili sensa ijilishe kupitia waya wa data. Kwa rizista ya kilo-ohm 4.7 na volti 3.3, waya huo hautoi hata miliampia 1, na sensa ikipima inaweza kuhitaji hadi 1.5. Umeme unazama katikati ya kupima, sensa inajiwasha upya, inasoma 85. Nilitenganisha mwekundu nikaupeleka kwenye 3.3V, rizista nikaiacha kati ya 3.3V na waya wa data. Tangu hapo sijaona 85 hata moja. (Rangi za waya hutofautiana kwa mtengenezaji, hakikisheni kwanza.)

Hapa lazima niwe mkweli: sensa ni nzuri, na SQLite ndiyo iliyoniokoa. Vipimo ghafi vilikuwa bado vimo, nikavisafisha bila kufuta mistari:

```
UPDATE joto SET nyuzi = NULL WHERE nyuzi = 85.0;
SELECT muda/3600*3600, AVG(nyuzi), MAX(nyuzi), COUNT(nyuzi)
FROM joto GROUP BY 1;
```

`AVG` huruka NULL, na `COUNT` hukuonyesha saa yenye vipimo 11 badala ya 12, kwa hiyo pengo halifichiki. Safu ya `muda` ni sekunde za namba kamili, ndiyo maana kugawa kunaangukia mwanzo wa saa. Kwa tangi la maji ya moto ya jua msitumie amri hii kichwa kichwa, huko 85 inaweza kuwa kweli. Linganisheni na kipimo cha kabla na cha baada.

Basi nyota tatu? Nilikuwa nimeshabadilisha, kisha nikakuta kwenye mipangilio kwamba programu inafuta vipimo ghafi baada ya siku 30 na kubakiza wastani peke yake. Kwa nini? Kila dakika 5 ni mistari 288 kwa siku, 105,120 kwa mwaka, megabaiti chache tu. Ningechelewa kidogo, hizo -9.4 zingebaki milele na hakuna ambaye angeweza kuzisahihisha. Nimezima ufutaji, nimeongeza mstari wa `MAX` kwenye grafu juu ya wastani, na nyota nimeirudisha moja.