Uzoefu wangu na MediaPipe Hands: kuendesha gari la roboti kwa ishara za mkono katika nyumba ya mawe Lamu

Naitumia MediaPipe Hands ya Google, modeli inayoutambua mkono kupitia kamera, kuendesha gari dogo la magurudumu mawili na kigurudumu kimoja huru cha mbele ndani ya nyumba. Modeli yenyewe ni nzuri na haina malipo. Ukishakuwa nayo kwenye kompyuta haihitaji intaneti, na kwa Lamu hilo si jambo dogo. Kinachoharibu kazi kwa kawaida ni hesabu iliyoko kati ya nukta za mkono na mota, kwa hiyo sehemu kubwa ya maoni yangu iko hapo.

Vifaa ni vya kawaida: kompyuta mpakato isiyo na kadi ya picha, kamera yake ya 640 kwa 480, bodi ya ESP32 inayopokea amri kwa waifai, bodi ya mota L298N, mota mbili za njano zenye gia, na betri mbili za 18650 zilizofuatanishwa.

Modeli hutafuta kiganja kwanza, halafu inaweka nukta 21 juu ya mkono. Nukta 0 ni kifundo cha mkono, na ncha za vidole ni 4, 8, 12, 16 na 20. Ikishaupata mkono huufuata fremu hadi fremu bila kutafuta upya mpaka iupoteze, ndiyo maana hata kompyuta ya kawaida inaimudu. Kila nukta ina x na y kati ya 0 na 1, kuanzia kona ya juu kushoto, na y huongezeka ukishuka chini.

Masomo mengi ya mtandaoni yanakufundisha kwamba kidole kimenyooka ikiwa y ya ncha ni ndogo kuliko y ya kiungo chake cha kati. Hiyo inafanya kazi mkono ukiwa wima tu. Mimi nakata kona kwa kuinamisha mkono, na mkono ukilala upande, ncha na kiungo hukaribia kuwa kimo kimoja, basi gari linasimama katikati ya kona. Dawa ni kupima umbali kutoka kifundo, kwa sababu umbali haubadiliki mkono ukiinama kulia au kushoto mbele ya kamera:

```python
from math import atan2, degrees, dist

def wazi(p, ncha, kiungo):
    return dist(p[ncha], p[0]) > 1.1 * dist(p[kiungo], p[0])
```

Hapa `p` ni nukta zilizokwisha kugeuzwa kuwa pikseli. Jozi ni 8 na 6, 12 na 10, 16 na 14, 20 na 18. Kidole gumba nakiacha, kwani hakikunjiki kuelekea kifundo kama wenzake. Vidole vinne vikiwa wazi gari linakwenda mbele. Shahada na cha kati peke yake, linarudi nyuma. Umbo jingine lolote, au mkono kutoonekana, ni kusimama. Kiganja lazima kiitazame kamera: ukiielekezea vidole, umbali unafupika kwenye picha na mkono wazi unasomwa kama ngumi.

Kona inatoka kwenye mstari wa kifundo hadi shina la kidole cha kati, nukta 9:

```python
dx = (n[9].x - n[0].x) * upana
dy = (n[0].y - n[9].y) * kimo
pembe = degrees(atan2(dx, dy))
```

Usisahau kuzidisha kwa upana na kimo. Picha si mraba, na ukitumia 0 hadi 1 moja kwa moja, mkono ulioinama nyuzi 45 utasomwa kama nyuzi 37 hivi. Hutaona kosa lolote kwenye skrini, utaona tu gari linakata kona kivivu. Pia igeuze picha kwa `cv2.flip(fremu, 1)` kabla ya kuipa modeli, ili kulia kwako kuwe kulia kwa gari.

Nyuzi 10 za kwanza kila upande nazipuuza, maana hakuna mkono unaokaa wima kabisa. Kuanzia 45 ni kona kamili. Chukua mkono ulioinama kulia nyuzi 24: 24 toa 10, gawanya kwa 35, unapata 0.4. Nusu yake ni 0.2. Kwa mwendo wa 0.5, gurudumu la kushoto linapata 0.7 na la kulia 0.3.

Ukizidisha 0.3 kwa 255, ambayo ndiyo nguvu kamili ya mota, unapata 77 hivi, na hapo mota zangu zinavuma bila kuzunguka. L298N inakula karibu volti 2 njiani, na ukiongeza mchanga unaoingia na viatu, gurudumu la polepole linakwama na gari linajipinda papo hapo badala ya kukata kona. Nikianzia 90 badala ya 0, hesabu inakuwa 90 jumlisha 0.3 mara 165, yaani 140 hivi kulia na 206 hivi kushoto. Kona inatoka laini. Bodi ya TB6612FNG haipotezi volti kiasi hicho, na ndiyo ningemshauri mtu anayenunua leo.

Jambo jingine linalosumbua ni kufungua ngumi. Vidole havinyooki kwa pamoja, na kwa muda mfupi modeli huona viwili tu, gari linaruka nyuma. Amri ya kwenda naikubali baada ya fremu 4 mfululizo zinazofanana, ambazo kwa fremu 20 kwa sekunde ni sekunde 0.2. Amri ya kusimama naipokea hapo hapo bila kungoja.

Kuta za matumbawe za nyumba zetu ni nene, na waifai inadhoofika haraka gari likipita chumba cha pili. Natuma amri kwa UDP mara 20 kwa sekunde, na ESP32 yenyewe ndiyo inayoamua kusimama ikikosa habari:

```cpp
if (millis() - mwisho > 300) simama();
```

Hapa `mwisho` ni wakati amri ya mwisho ilipofika, na 300 ni milisekunde. Mstari huu usikose. Bila huo, gari linashikilia amri ya mwisho na kwenda mpaka ligonge ukuta. Utambuzi wa mkono hauwezi kukuokoa hapo, kwa sababu kompyuta inaendelea kuuona mkono vizuri wakati gari halisikii tena.

Mwanga nao una hila zake. Ukikaa na kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba, nyuma yako, jua linaingia moja kwa moja kwenye kamera na kiganja kinakuwa cheusi. Ndani kabisa ya chumba ni kinyume chake: kamera inaacha kila fremu iingize mwanga muda mrefu zaidi, fremu zinapungua, na mkono unaotembea unakuwa ukungu. Kaa ukiutazama uwazi wa kiwanda, kompyuta ikiwa imeupa mgongo. Kwa nambari za imani, yaani kiwango cha uhakika ambacho modeli lazima ifikishe, 0.5 ya kuanzia inatosha kufuatilia, ila kugundua nimepandisha hadi 0.7.

Kwenye daka, baraza ya mlangoni, watoto wakikusanyika na kunyoosha mikono, modeli inaweza kuudaka mkono wa mwingine wako ukipotea, hata ukiwa umeiambia itafute mkono mmoja tu. Ninaukataa mkono wowote ambao umbali wa nukta 0 hadi 9 haufiki pikseli 90. Anayesimama nyuma hafikishi kipimo hicho, ila mtoto aliyekaa pajani kwako anakifikisha, na kwa hilo sina dawa ya hesabu: ashuke kwanza.