Rimoti ya waya na tripodi kwa michirizi ya taa za magari usiku: uzoefu wangu

Rimoti ya kamera ninayoizungumzia ni ya waya, ya kawaida kabisa. Ina kitufe kimoja, kufuli inayosukumwa kwa kidole gumba, waya wa kama mita moja na plagi nyembamba ya milimita 2.5. Haina betri, haina skrini, haihesabu sekunde. Naitumia na tripodi ya alumini ya kilo 2 hivi kupiga barabara usiku, zile picha ambazo magari yenyewe hayaonekani, zimebaki taa zake tu zikiwa zimechora mistari mirefu, myekundu kwa yanayokwenda na myeupe kwa yanayokuja. Kwa kazi hiyo sijaona sababu ya kununua iliyo ghali zaidi, ila kuna mambo mawili matatu ambayo karatasi ya ndani ya boksi haiyasemi.

La kwanza ni la kamera. Katika hali ya M, ambapo muda na tundu unaviweka mwenyewe, kamera nyingi haziwezi kuacha shata, lile pazia linalopitisha mwanga, wazi zaidi ya sekunde 30. Baada ya hapo ndipo inapokuja BULB, ambapo shata hubaki wazi muda wote kitufe kinapokuwa kimebonyezwa na hujifunga kikiachiwa. Kwenye kamera fulani ni herufi B katika gurudumu la juu, kwenye nyingine unaendelea kuongeza muda ndani ya M mpaka unapita 30" na neno lenyewe linajitokeza. Ukiwa hujafika hapo, kufuli ya rimoti haina maana: unaifunga, shata inafunguka na kujifunga yenyewe kwa muda uliowekwa, nawe unadhani rimoti ni mbovu. Rimoti nyingi zinazorudishwa dukani nadhani hazina ubaya wowote isipokuwa huo, au plagi isiyo ya kamera ile. Plagi hazifanani baina ya kampuni na kampuni, na mara nyingine hata ndani ya kampuni moja, kwa hiyo nunua kwa jina kamili la modeli.

Sasa sababu hasa ya kuitaka BULB. Wengi hudhani ukiacha shata wazi muda mrefu zaidi, michirizi itang'aa zaidi. Si hivyo. Taa ya gari iko mwendoni, na kila sehemu ya picha huipata kwa kitambo kidogo tu kabla haijasogea. Muda wa shata hauongezi mwanga wa mchirizi mmoja. Unaongeza urefu wake na idadi ya michirizi. Mwanga wake unaamuliwa na tundu la lenzi na ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, pamoja na kasi ya gari. Mbingu, majengo na lami, ambavyo havisogei, ndivyo vinavyozidi kung'aa kadiri sekunde zinavyopita. Kwa hiyo una mizani mbili tofauti katika picha moja: tundu linapima michirizi, muda unapima mandhari. Ukilielewa hilo, kazi iliyobaki ni hesabu nyepesi.

Tuseme uko juu ya daraja la waenda kwa miguu, jua limezama nusu saa iliyopita, mbingu bado ina ubuluu. Naanza na ISO 1600, tundu la f/11, na kupiga picha za majaribio za sekunde 1, 2, 4 mpaka mandhari yaonekane ninavyotaka. Tuseme sekunde 2 zimetosha. Kutoka ISO 1600 kwenda 100 ni kugawa kwa 16, basi muda unazidishwa kwa 16 na tunapata sekunde 32. Hapo M imeshaishia, tunaingia BULB. Jaribio la sekunde 2 limenipa jibu ambalo vinginevyo ningelisubiri nusu dakika kila mara, huku mbingu ikizidi kuwa nyeusi.

Napiga ya kwanza kwa f/11, ISO 100, sekunde 32. Mandhari ni mazuri, lakini taa za mbele za magari yanayokuja zimeungua na kuwa utepe mweupe usio na mistari ndani yake. Kupunguza muda hakutasaidia. Kutakupa mandhari yenye giza na utepe uleule, mfupi zaidi. Dawa ni kubana tundu hadi f/16, ambayo hupunguza mwanga nusu, kisha kuongeza muda hadi sekunde 64. Mandhari yanabaki yalivyokuwa, kila mchirizi unapungua nusu. Tatizo linalobaki ni kwamba sekunde 64 zinaingiza magari mengi zaidi, na yanayopita njia ileile yanarundika mwanga juu ya mwanga. Hapo ndipo kadi nyeusi inapoingia kazini.

Kadi hiyo ni karatasi ngumu isiyong'aa, kubwa kuliko mdomo wa lenzi. Rimoti ikiwa imefungwa kufuli na shata iko wazi, unaishika mbele ya lenzi bila kuigusa pale usipotaka mwanga: foleni inapokuwa nzito mno, au gari linapogeuka na kukumulika usoni. Unaiondoa magari unayoyataka yanapofika. Kinachohesabiwa ni sekunde za lenzi kuwa wazi tu, hivyo 64 zako unaweza kuzigawa katika mawimbi manne ya sekunde 16 kila taa za barabarani zinaporuhusu. Saa ya kamera, kama ipo kwenye skrini, itahesabu pia muda wa kadi, kwa hiyo hesabu mwenyewe kichwani.

Kadi ileile inaondoa udhaifu mkubwa wa rimoti hii, yaani kufuli yake. Kuifunga kunahitaji ubonyeze na kusukuma kwa pamoja, na kuifungua kunatoa mshtuko mdogo unaosafiri kwenye waya mpaka kwenye kamera. Naweka kadi kwanza, nafunga kufuli, nasubiri sekunde 2 au 3 kamera itulie, ndipo naondoa kadi. Mwishoni narudisha kadi kabla ya kufungua kufuli. Mitikisiko yote inatokea gizani na haiingii kwenye picha. Acha pia waya uwe na mkunjo uliolegea, kisha uubane kwenye mguu wa tripodi kwa kipande cha utepe. Waya unaoning'inia kwenye upepo huipiga kamera kama kengele.

Kuhusu tripodi, kilo zake 2 zinatosha kwa sababu siirefushi ovyo. Navuta kwanza vipande vinene vya juu na kuacha vile vyembamba vya chini ndani, na nguzo ya katikati siinyanyui kabisa; ukiinyanyua umesimamisha kamera juu ya fimbo moja. Mguu mmoja uelekee upande wa lenzi. Mkoba ukiutundika chini ya nguzo, uguse ardhi kidogo, la sivyo utabembea. Mkanda wa shingoni uondoe, na kiimarishi cha ndani ya lenzi ukizime, maana baadhi yake hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuzalisha.

Kwenye daraja, hata tripodi ya kilo 10 itatikiswa na daraja lenyewe. Simama karibu na nguzo inayolibeba, si katikati ambako linayumba zaidi. Kabla ya kupiga, kuza picha ya skrini mara 10 juu ya taa ya mbali na uitazame lori likipita. Ikicheza, hama, au funika kwa kadi kila lori linapokuja. Taa hiyohiyo itumie kuweka fokasi, kisha peleka swichi kwenye MF, yaani fokasi ya mkono. Ukiisahau, kubonyeza rimoti nusu kunaiamuru kamera itafute fokasi upya, na gizani itazunguka bila kupata kitu.

Picha ikitoka mbaya, usiangalie michirizi. Angalia taa za nguzoni, zisizosogea. Zikiwa nukta safi lakini michirizi ina mawimbi madogo, tripodi haina kosa, ni magari yanayoruka kwenye mashimo. Nukta ing'aayo yenye mkia mwembamba ni mguso wa mwanzoni au mwishoni, na kadi inautibu. Taa zikiwa mbilimbili, kamera ilisogea katikati na kukaa mahali papya. Mara nyingi ni mguu uliozama kwenye udongo au kufuli ya mguu isiyokazwa. Zote zikiwa zimevutika wima kwa urefu sawa, kichwa cha tripodi kinashuka polepole kwa uzito wa lenzi. Na zikizunguka kana kwamba zinafuata duara, skrubu ya bamba chini ya kamera imelegea, jambo la kawaida ukiweka kamera wima. Ikaze kwa sarafu.

Kuna kasoro moja itakayokusumbua bure: mchirizi mwekundu uliokatikakatika kama mshono. Taa nyingi za LED hupunguzwa mwanga kwa kuzimwa na kuwashwa haraka kuliko jicho linavyoweza kuona, na gari likikimbia kila mwako unaangukia mahali pake. Hakuna rimoti wala tripodi itakayouondoa. Mimi huwa nauacha. Vivuli vya kijani vya taa vinavyotokea upande wa pili wa picha ni suala lingine: vua kichujio cha kioo mbele ya lenzi na vingi vitatoweka.

Zima pia ile huduma ya kamera ya kusafisha chembe katika picha za muda mrefu. Baada ya sekunde 64 inapiga nyingine 64 shata ikiwa imefungwa, nawe umesimama hapo ukitazama mbingu ikiisha.

Rimoti zisizo na waya nimezitumia. Zile za miale ya infraredi hubonyezwa mara moja kuanza na mara ya pili kumaliza, na hakuna waya wa kupigwa na upepo, lakini nyingi hutaka uwe mbele ya kamera, mahali ambapo kwenye ukingo wa daraja hapana nafasi. Zenye saa ya ndani zinafaa kwa mtu anayepiga dakika tano bila kadi. Kwa kazi ya kadi, saa hiyo haisaidii.

Lalamiko langu la mwisho ni kufuli tena. Haina alama ya rangi kuonyesha kama imefungwa, na gizani unaipapasa. Ukiichomeka ikiwa imefungwa na kamera imewashwa, shata inafunguka hapohapo, na ndani ya mkoba inaweza kukaa hivyo mpaka betri iishe. Natoa plagi kabla ya kukunja tripodi, kwa kushika kichwa chake wala si waya.