Pamba ya kioo, pamba ya mawe na bodi za polistirini: nilivyoziona darini kwangu Fuoni

Nyumba yangu ni ya matofali ya saruji, juu mabati, ndani dari ya jipsam. Vizuia joto nilinunua kidogo kidogo kila fedha ilipopatikana, na kila nilipokwenda dukani nilikuta aina nyingine. Ndiyo maana chumba cha kulala kina pamba ya kioo, jiko lina pamba ya mawe, na sebule ina bodi za polistirini, zile nyeupe zinazotengenezewa maboksi ya samaki. Zote ni unene wa milimita 50.

Kwenye joto ndipo wauzaji wanapobishana, na ndipo pasipo na la kubishania. Unene ukiwa mmoja, vitu hivi vitatu vinakaribiana sana. Chukua siku ya kaskazi, juu ya dari kumefika nyuzi 55 na chumbani ni 30. Jipsam peke yake hupitisha kama wati 70 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo chumba cha mita 4 kwa 3 kinashushiwa zaidi ya wati 800. Tandika chochote kati ya hivi vitatu, zinabaki karibu 200. Saa saba mchana nikipanda ngazi na kugusa dari, sijui chumba kipi kina nini.

Tofauti ililetwa na masika. Mpira wa msumari wa bati ulikauka, maji yakaingia chumba cha kulala. Pamba ya kioo iliyanywa, ikalala chini kwa uzito, na jipsam ikatoka doa la kahawia. Hata ilipokauka haikurudi unene wake, na kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi, si nyuzi zenyewe. Pamba iliyobanwa au kulowa hupoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Utaijua bila kupanda juu: mchana pitisha kiganja darini, palipoharibika pana joto kuliko jirani yake. Pamba ya mawe hutiwa mafuta kiwandani ili isinywe maji upesi, na ni ngumu zaidi, kwa hiyo haibonyei ovyo. Lakini bati likivuja msimu mzima, nayo italowa. Polistirini hainywi, ila maji yatapita kwenye maungio na kufika kwenye jipsam vile vile.

Wenye kiyoyozi wana jambo la ziada. Pamba ya kioo mara nyingi huja na karatasi ya foili upande mmoja, na fundi wangu alitaka kuilaza foili ikitazama chini. Nilimwambia, "Fundi, geuza." Nchi za baridi unyevu hutoka ndani ya nyumba, kwetu hewa nzito ya bahari iko nje na chumba ndicho baridi. Foili ikiwa chini, mvuke unapenya pamba kutoka juu, unakutana na ubaridi na kugeuka maji humo humo ndani. Ikiwa juu na maungio yamebandikwa utepe wake, unazuiwa mapema. Pia foili ikiachiwa nafasi ya hewa chini ya bati hurudisha sehemu ya joto, ingawa vumbi likishaitanda faida hiyo hupungua.

Polistirini ndiyo rahisi kuliko zote, nyepesi, na haiwashi. (Pamba ya kioo inawasha kama upupu, fundi avae glavu, barakoa na mikono mirefu.) Lakini msiilaze juu ya nyaya za umeme. Ganda la plastiki la waya likigusana nayo miaka mingi, kilainishi chake huhamia kwenye bodi na ganda linakuwa gumu, linapasuka. Nyaya zangu nimezipitisha ndani ya mabomba. Msiibandike kwenye bati pia, maana hulegea kuanzia nyuzi 80 hivi na bati la jua kali halipo mbali na hapo. Panya nao wanaipenda: ukiona chenga nyeupe zimedondoka kwenye tundu la taa, wameshachimba makazi.

Moto ndio ulionifanya nifurahi jiko likapata pamba ya mawe. Hiyo haiungui. Polistirini huyeyuka, hudondoka ikiwaka na kutoa moshi mweusi, hata ile iliyotiwa dawa ya kupunguza moto si ya kuwekwa juu ya jiko la gesi. Ubaya wa pamba ya mawe ni bei na uzito: chumba cha mita 12 za mraba kwangu kimebeba kilo 36 hivi, wakati pamba ya kioo haifiki hata 10. Fundi aliongeza mbao kwenye kenchi kabla ya kuitandika.

Ningenunua leo, jiko ni pamba ya mawe bila mjadala. Vyumba vya kulala, pamba ya kioo yenye foili, baada ya kukagua misumari yote ya bati. Polistirini ningeiacha kwa sebule yenye nyaya ndani ya mabomba, na ningemwambia fundi aache mlango mdogo darini wa kupandia, kwani mimi sina na kila ukaguzi unakata jipsam.